Akiba ya shilingi, dhahabu ya dola: unajikinga na nini hasa?

Dhahabu inayouzwa kwa sonara wa Mji Mkongwe inatajwa bei kwa shilingi, na tangu kanuni za Benki Kuu za Machi 2025 ndivyo inavyotakiwa: bidhaa za ndani zisipangiwe bei wala kulipwa kwa fedha za kigeni. Lakini shilingi ile ya kwenye kibandiko ni tafsiri tu. Bei ya asili imetoka soko la dunia, kwa dola, kwa aunsi moja yenye gramu 31.1035. Kwa hiyo mtu wa Wete anayeweka akiba ya shilingi ili anunue dhahabu ya harusi mwakani ana mambo mawili yanayoweza kumponyoka kwa wakati mmoja: bei ya aunsi kwa dola, na bei ya dola yenyewe kwa shilingi.

Wengi hulisikia hilo wakakimbilia dawa moja, yaani kugeuza akiba yote kuwa dola. Dawa hiyo inatibu nusu ya ugonjwa, tena mara nyingi nusu ndogo, na ina gharama yake ambayo haionekani mpaka siku ya kuzirudisha dola kuwa shilingi.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana bila hiyo kila kitu kinabaki maneno. Bei ya gramu moja hupatikana hivi:

```
bei ya gramu = bei ya aunsi / 31.1035 x usafi x shilingi kwa dola
```

Usafi ni ile namba iliyogongwa kwenye kito: 916 kwa karati 22, 875 kwa karati 21, 750 kwa karati 18. Kwenye hesabu 916 inaandikwa 0.916.

Tuchukue aunsi iwe dola 4,000 na dola moja shilingi 2,500, kwa mfano tu. Gramu ya dhahabu safi inakuwa dola 128.60. Gramu ya karati 22 inakuwa dola 117.80, sawa na shilingi 294,500. Hapo bado hujamlipa sonara ujira wala faida yake. Akikwambia gramu ni 310,000, amepandisha takriban asilimia 5, na hiyo ni kawaida kwa bangili nyepesi isiyo na nakshi nyingi. Akikwambia 330,000, gawa kwa 117.80 utapata 2,801: yaani kwa bei yake ni kama vile dola inauzwa 2,801 wakati benki ni 2,500. Tofauti ile ya asilimia 12 ni yake yeye, wala haina uhusiano na dola. Hesabu hii fupi ndiyo inayokuonyesha kama bei imepanda kwa sababu ya aunsi, kwa sababu ya shilingi, au kwa sababu ya mwenye duka. Ifanye wiki mbili mfululizo katika duka moja. Shilingi inapoimarika, bei dukani hushuka kwa uvivu sana kuliko ilivyopanda.

Sasa tuone sehemu mbili za hatari zinavyocheza. Mwaka 2025 ni somo zuri. Shilingi ilianza mwaka ikiwa maeneo ya 2,400 hivi kwa dola, ikalegea hadi karibu na 2,700 kwenye Aprili na Mei, halafu ikarudi kwenye 2,450 au karibu na hapo kufikia Septemba na Oktoba. Aunsi nayo ilianza mwaka ikiwa juu kidogo ya dola 2,600, ikavuka 3,000 mwezi wa Machi, ikavuka 4,000 mwezi wa Oktoba. Mtu aliyegeuza akiba yake kuwa dola mwezi wa Januari na kununua dhahabu Oktoba alikuta dola zake zina thamani ileile ya shilingi, au karibu na hiyo, na dhahabu imepanda kwa zaidi ya nusu. Alijikinga vizuri kabisa na kitu ambacho hakikumdhuru.

Hii haina maana kwamba dola haifai. Mwaka 2023 dola ziliadimika Tanzania kiasi kwamba hata mwenye shilingi zake mkononi alisubiri foleni benki. Aliyekuwa nazo tayari alikuwa na faida ambayo haiandikwi kwenye kiwango cha kubadilisha fedha. Swali la kujiuliza ni: siku ya kulipa, unadaiwa nini? Ukidaiwa dola, jikinge kwa dola. Ukidaiwa gramu, jikinge kwa gramu.

Gramu 50 za harusi

Tuchukue familia ya Pemba yenye shilingi 9,000,000 za karafuu mkononi. Wanataka gramu 50 za karati 22 baada ya miezi kumi, na kila mwezi wanaweza kuongeza 650,000. Sonara anauza gramu 310,000, kwa hiyo lengo ni shilingi 15,500,000. Mkononi zipo tisa, miezi kumi italeta 6,500,000. Hesabu inafika sawasawa, ikiwa hakuna kinachotikisika.

Kuna jambo moja la kulitambua kabla hatujaendelea. Zile 6,500,000 bado hazipo. Huwezi kuzigeuza dola leo, wala kuzinunulia dhahabu leo. Kinga yoyote ya mtu mwenye kipato cha kawaida inashika pesa iliyopo tu. Inayokuja itanunua kwa bei ya siku itakayofika. Anayekuahidi kinga kamili ya pesa ambayo hujaipata, mwulize nani atabeba hasara.

Familia ina njia tatu. Ya kwanza, kuacha kila kitu kwenye shilingi na kununua siku ya mwisho. Ya pili, kugeuza zile milioni tisa kuwa dola leo, kuzirudisha shilingi siku ya kununua, na kuongeza akiba ya kila mwezi. Ya tatu, kununua dhahabu ya milioni tisa leo, ambazo ni gramu 29, kisha kuendelea kuongeza kila inapopatikana.

Mambo yakienda vibaya pande zote mbili, yaani aunsi ipande asilimia 10 hadi 4,400 na shilingi ilegee kutoka 2,500 hadi 2,700, gramu ya sonara inafika 368,280. Aliyekaa na shilingi ana 15,500,000 zilezile, naye anapata gramu 42 tu. Amepungukiwa na gramu nane, ambazo ni bangili nzima.

Aliyekwenda kwenye dola alinunua kwa 2,530, kwa sababu benki inapotaja 2,500 hiyo ni katikati: inakuuzia ghali kidogo na kununua kwako rahisi kidogo, tuseme 2,530 na 2,470. Alipata dola 3,557. Siku ya harusi aliziuza kwa 2,670, akapata 9,497,000 hivi. Akiongeza akiba ya miezi kumi ana karibu milioni 16, ambazo ni gramu 43 na nukta nne. Akaunti ya dola, fomu, safari za benki, yote hayo yamemwongezea kama gramu moja na theluthi kuliko aliyelala na shilingi zake.

Aliyenunua gramu 29 mwanzoni hakuguswa kwenye hizo 29. Akiba ya kila mwezi ilinunua kwa bei inayopanda taratibu, ikampa gramu 19. Jumla 48. Amepungukiwa na gramu mbili, na hizo mbili zimetoka kwenye ile sehemu isiyoweza kukingwa.

Tugeuze upande. Aunsi ishuke asilimia 10, na shilingi iimarike hadi 2,400. Gramu inashuka hadi 267,840. Aliyekaa na shilingi anacheka: anapata karibu gramu 58. Wa dola anapata kama 55 na robo tatu. Wa gramu anapata 51 na nukta saba, yaani amefika lengo na akabakisha. Hapo ndipo mashemeji watakapomwambia alifanya haraka. Lakini ukizitazama namba zote sita pamoja, mwenye shilingi alikuwa akicheza kati ya 42 na 58, na mwenye gramu kati ya 48 na 52. Kinga haimfanyi mtu apate nyingi zaidi. Inamfanya ajue atapata ngapi. Kwa aliyekwisha kutaja idadi mbele ya wakwe, hilo ndilo linalohitajika. Anayenunua dhahabu kwa kubahatisha bei, bila tarehe wala idadi, hana anachodaiwa, na huyo kinga haimhusu sana.

Njia ya gramu inapoharibika

Njia ya tatu inashinda kwenye hesabu, lakini inaweza kuliwa na ujira. Pete ya gramu mbili ina kazi ya mkono karibu sawa na ya gramu sita, kwa hiyo ujira kwa kila gramu ni mkubwa zaidi. Mtu akinunua kipete kila mwezi, atalipa ujira mara kumi. Afadhali kukusanya miezi mitatu na kununua bangili moja ya gramu sita. Ndiyo, katika miezi hiyo mitatu akiba imekaa wazi, lakini ni chini ya milioni mbili, na hata ikipoteza asilimia 5 ni hasara ndogo kuliko ujira wa vipete vitatu. Vipande vya dhahabu visivyo kito vina ujira mdogo, ila navyo, kipande cha gramu moja huwa ghali kwa gramu kuliko cha gramu kumi.

Risiti itaje vitu vinne kila kimoja peke yake: uzito, karati, bei ya gramu, na ujira. Ukiona jumla tu, siku ya kubadilisha bangili zile kwa kidani cha harusi hutajua ulichopoteza. Kito chenye mawe kipimwe bila mawe, na mizani isome sifuri kabla ya kitu kuwekwa juu. Sonara akirudishiwa dhahabu hukata kidogo kwa ajili ya kulehemu na kuyeyusha. Muulize makato hayo siku ya kununua, wakati bado anataka pesa yako.

Kisha kuna ule utaratibu wa kuweka pesa kwa sonara kidogokidogo. Hapa neno moja kwenye daftari lake linabadilisha kila kitu. Akiandika "amelipa 650,000", umebaki na shilingi, ila sasa ziko kwake, na hatari yote ya bei bado ni yako. Akiandika gramu ambazo hajakukabidhi, hatari ya bei imehama lakini imeingia nyingine: kama hana dhahabu hiyo kabatini, bei ikipaa ndiye atakayeumia, na mfanyabiashara anayeumia huchelewa kupokea simu. Halafu lipo la dini, ambalo kwa Unguja na Pemba si la pembeni. Dhahabu kwa pesa ni mkono kwa mkono, na Kiwango cha Sharia namba 57 kuhusu dhahabu, cha mwaka 2016, cha AAOIFI, taasisi inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, kimeshikilia hapohapo: makabidhiano yawe kwenye kikao kilekile. Suluhisho ni rahisi na linatibu matatizo yote mawili. Nunua gramu ambazo pesa yako inatosha leo, lipa zote, pokea. Ukitaka kumwachia akuhifadhie, iwe ni amana ya kitu ulichokwisha kukipima na kukipokea, kimefungwa na kina jina lako.

Pale dola inapofaa

Ipo hali ambayo dola ndiyo kinga sahihi, nayo inawahusu zaidi wanaonunua Dubai au Maskati. Mtu amekubaliana na muuzaji wa Deira gramu 200 kwa bei iliyofungwa leo, lakini atalipa baada ya wiki tatu. Bei ya aunsi haimhusu tena, imekwisha kufungwa. Kilichobaki wazi ni shilingi tu. Dola zinunuliwe siku ileile bei ilipofungwa, si siku ya safari. Hapa gharama ni ya upande mmoja: unanunua kwa 2,530 badala ya 2,500, basi, kwa sababu huzirudishi. Yule wa Pemba aliyegeuza na kurudisha alilipa pande mbili, shilingi 60 kwa kila dola, na kwake shilingi ilibidi ilegee kwa asilimia 2.4 ndipo aanze kupata chochote. Aongeze hapo faida ya akaunti ya muda ya shilingi aliyoiacha, na kizingiti kinapanda zaidi.

Kulipa kwa dirhamu au riali hakuongezi hatari mpya. Dirhamu ya Imarati imefungwa kwa dola kwa 3.6725 tangu 1997, na riali ya Omani imefungwa kwa takriban dola 2.60 tangu 1986. Ukiwa na mojawapo, una dola kwa jina jingine. Kutokana na hilo kuna kinga ya bure ambayo watu wa visiwani huitupa kila mwezi: kaka aliyeko Maskati anatuma riali, zinageuzwa shilingi kwa byuro, halafu baada ya miezi sita shilingi zilezile zinatafuta dola za kwendea Dubai. Mpigie aziweke hukohuko mpaka siku ya kununua, au anunue dhahabu palepale. Mfanyakazi wa hoteli ya Nungwi anayepewa bahshishi ya dola yuko vilevile. Ila dola za noti zina madhila yake: za zamani, hasa za kabla ya 2006, hukataliwa sehemu nyingi, na noti ndogo ndogo hubadilishwa kwa kiwango cha chini kuliko za mia. Ukiziweka benki, uliza kwanza makato ya kutoa dola taslimu.

Benki pia huuza mkataba wa kununua dola za tarehe ya mbele kwa kiwango kinachopangwa leo. Kiwango hicho si utabiri wa benki juu ya shilingi. Kinatokana na tofauti ya riba kati ya sarafu mbili. Ikiwa shilingi inalipa asilimia 6 kwa mwaka na dola asilimia 4, kwa siku 90 hesabu ni hii:

```
2530 x (1 + 0.06 x 90/365) / (1 + 0.04 x 90/365) = 2542
```

Yaani shilingi 12 juu ya bei ya leo kwa kila dola, pamoja na chochote benki itakachojiongezea. Benki hutaka kiasi kikubwa na dhamana, kwa hiyo ni chombo cha mwagizaji wa jumla kuliko cha familia, na wanaoepuka riba na uuzaji wa sarafu kwa kuchelewesha hawatakigusa. Tatizo lake kubwa liko kwingine: mkataba unakubana hata kama dhahabu haikuja. Muuzaji akivunja ahadi na shilingi ikaimarika hadi 2,400, bado utachukua dola kwa 2,542 ambazo huna pa kuzipeleka. Ndiyo maana mwagizaji mwenye busara hufunga kiasi alichokwisha kulipia arubuni tu, na kinachobaki hukinunulia dola siku oda inapothibitishwa.

Na dhahabu ikishafika nyumbani, kazi ya kinga imekwisha. Kuna wanaoendelea kuhangaika na dola inapoyumba, wakiuza bangili kwa sababu shilingi imeimarika wiki hii. Bangili ile ilinunuliwa kwa ajili ya harusi, na uzito wake haujapungua hata nukta. Ukiiuza unamlipa sonara makato, ukiirudia unamlipa ujira, na mzunguko mmoja wa namna hiyo hula kwa urahisi zaidi ya ile asilimia 4 ya shilingi kuimarika uliyokuwa ukiiogopa.